Saa Sita Narudi

Mtaa mzima ulimwita Kiberiti, na jina hilo hakupewa kwa kuuza viberiti. Alikuwa fundi wa makochi. Ukimletea sofa iliyobonyea katikati mpaka mgeni anazama, baada ya wiki unaichukua imesimama kama ya dukani. Mikono yake ilikuwa na subira ambayo mdomo wake haukuwahi kuijua. Msumari ukipinda aliung'oa taratibu akaanza upya, lakini binadamu akipinda kidogo tu, basi, moto umeshawaka.

Karakana aliiendesha na dada yake mkubwa. Yeye alishika mbao, springi na sponji, dada akashika vitambaa: kupima, kukata, kushona. Walikaa chumba kimoja kirefu, yeye upande wa mlango na nyundo yake, dada upande wa dirisha na cherehani yake. Juu ya meza ya kukatia kulikuwa na mkasi wa dada, mkubwa, mweusi kwenye vishikio, ambao haukuruhusiwa kugusa chochote isipokuwa kitambaa. Siku moja Kiberiti aliutumia kukatia karatasi, na mpaka leo akiushika, dada humtazama kwa jicho la pembe.

Zamani walikuwa watatu. Kaka yao mkubwa ndiye aliyeianzisha karakana, na ndiye aliyeondoka. Siku hiyo yeye na Kiberiti waligombana kuhusu kochi lililopasuka kabla halijafika kwa mteja. Kila mmoja alimtupia mwenzake lawama, sauti zikapanda, mpaka kaka akachukua shati lake mlangoni akasema, "Nakuja." Kila mtu husema hivyo anapotoka. Hakusema anakwenda wapi wala anarudi lini, na wao hawakumuuliza. Jioni alirudi wakati hawapo, akazifunga zana zake kwenye kitambaa, akahamia mji mwingine. Miaka imepita. Kwenye misiba wanapeana mikono, na baada ya hapo hawana la kusema.

Kaka alipoondoka, dada aliweka sheria. Alisema kugombana watagombana tu, maana hata vikombe vya kabati moja hugongana, lakini katika chumba hiki hakuna tena mtu wa kutoka na "nakuja" tupu. Ukihisi umechemka, sema kwa mdomo wako kwamba umechemka. Sema utarudi saa ngapi. Na aliyesimamisha ugomvi ndiye atakayeanza tena, asimwachie mwenzake kazi ya kumtafuta.

"Na huko unakokwenda kupoa," dada aliongeza, "usiende kututangaza."

Kiberiti alicheka siku hiyo. Alisema hizo ni sheria za watu wanaokula kwa uma. Na kweli, kwa muda wote huo mwenye kuzitumia alikuwa dada peke yake. Alisimamisha, akataja saa, akarudi kwa saa hiyo hiyo, na Kiberiti alizungukazunguka akimngoja kama kuku anayetaka kutaga. Yeye mwenyewe hakuwahi kusimamisha ugomvi hata mmoja. Kusimamisha alikuona ni kushindwa.

Mpaka asubuhi ile. Mwalimu mmoja alikuja kuchukua kiti chake cha kusomea. Alikikalia, akakisifu, akainuka na kusema kwa furaha ya mtu asiyejua anachofanya, "Na tumefurahi sana shuleni. Dada yako kuanzia mwezi ujao atakuwa anawafundisha wasichana wetu ushonaji. Bahati yetu."

Dada hakuwepo, alikuwa amekwenda kununua uzi. Kiberiti alimsaidia mwalimu kubeba kiti, akamuaga vizuri, akarudi ndani. Dada alipoingia na mfuko wa uzi, hakupata hata nafasi ya kuuweka chini.

"Kwa hiyo mimi habari za nyumbani kwangu napewa na wateja?"

Dada alielewa mara moja. Aliuweka mfuko mezani. "Nilitaka kukuambia."

"Ulitaka lini? Ukishaanza kazi? Nikikuta cherehani haipo?"

"Ngoja nikueleze, mdogo wangu."

"Unieleze nini? Umeniuza, dada. Umeniuza kimya kimya."

"Sijamuuza mtu. Ni asubuhi tu, na mchana nita..."

Lakini Kiberiti hakusikia sehemu ya mchana. Masikio yalikuwa ya moto. Moyo ulikuwa unagonga mbavu, meno yamebanana, na kila alichosema dada kilimfikia nusu, ile nusu mbaya. Dada naye sauti ilikuwa imepanda. Alisema kuna watu hawaambiki, ukiwaambia neno wanawaka, ndiyo maana hata kaka. Hapo akajikatiza mwenyewe, lakini jina la kaka lilikuwa limeshatoka.

Kiberiti akafungua mdomo.

Neno lilikuwa tayari. Lilikuwa limepanda lenyewe, bila kuitwa, limekaa kwenye ncha ya ulimi. Lilihusu ndoa ya dada, mume aliyemrudisha kwao kwa sababu hakupata mtoto. Ndugu wote walijua habari hiyo na hakuna aliyewahi kuisema mbele yake. Kiberiti alilihisi lilivyo zito na lilivyo rahisi kulitamka. Akaona pia, kwa sekunde moja tu, uso wa dada utakavyokuwa likishatua. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye alikuwa ameshainua mguu.

Akafunga mdomo. Akashika ukingo wa meza.

"Dada," akasema, na sauti haikuwa yake, "nimechemka. Nasimama hapa. Saa sita narudi tuendelee."

Dada alimtazama kama mtu aliyeona mbuzi akivaa viatu. Kisha akaitikia kwa kichwa, na Kiberiti akatoka.

Kutoka ni rahisi. Kupoa ndiko kwenye kazi, na hilo hakuna aliyemwambia. Alidhani ukishafika nje, hewa itafanya yaliyobaki. Alipita mtaa wa wauza mbao kwa hatua za mtu anayefukuzwa, akakata kona, akarudi mtaa ule ule, akasalimiwa asiitikie. Mdomo ulikuwa umefungwa, lakini ugomvi ulikuwa unaendelea kichwani, tena vizuri kuliko karakana. Kichwani dada alikuwa hana majibu. Kila Kiberiti alipotoa hoja, dada wa kichwani aliinamisha uso. Alimshinda mara ya kwanza pale kwa wauza mbao, akamshinda tena mbele ya duka la rangi, na kila ushindi ulimwacha na joto zaidi. Hakuelewa. Mtu akishashinda si anapaswa kutulia?

Aliingia kwa kinyozi ili akae mahali. Kinyozi huyu alikuwa rafiki yake, fundi hodari, na tatizo lake lilikuwa moja tu: hakuweza kumnyoa mtu bila kumchokonoa. Alimfunga kitambaa shingoni, akaanza shavu la kushoto.

"Mbona umevimba hivyo? Nani kakukanyaga?"

Kiberiti alijua sheria. Kwanza akasema "hakuna", kisha akasema "dada tu", kisha akamwaga yote, na katika kumwaga akatia chumvi hapa na pale, mpaka dada akawa mtu aliyepanga njama miaka mingi.

Kinyozi alitikisa kichwa. "Mimi ningekuwa wewe, ningebadilisha kufuli leo leo. Aje akute mlango umefungwa. Mtu akikuonyesha mgongo, unamwonyesha mlango."

"Siyo?" Kiberiti akauliza.

"Sasa unangoja nini? Wewe ni mwanaume au mto wa kochi?"

Kiberiti alicheka kwa hasira, na moto ambao ulikuwa umeanza kushuka kidogo ukapanda mpaka utosini. Kinyozi aliinua wembe kwenda upande wa pili, chini ya taya, akasimama. Akausogeza, akausimamisha tena.

"Tulia basi."

"Nimetulia."

"Hujatulia. Huu mshipa wa shingo unaruka kama chura. Siwezi kunyoa shingo inayoruka, nikikukata utasema mimi."

"Nyoa bwana."

"Sinyoi." Kinyozi aliweka wembe chini, akarudi nyuma hatua moja. Petroli katia yeye, na sasa aliogopa moto. "Nenda kapoe, urudi nikumalizie."

Kiberiti alijitazama kwenye kioo. Nusu ya uso ilikuwa safi, nusu ina ndevu, na chini ya ndevu hizo mshipa ulikuwa unapiga, waziwazi, mtu yeyote angeuona. Alikaa akiutazama. Alikuwa amekaa kwenye kiti muda wote huo, miguu haitembei, mikono haifanyi kitu, na bado damu ilikuwa inakimbia. Kumbe ugomvi haukuachwa karakana. Alikuwa ameubeba, akauzungusha mtaani, akaulisha kwa mawazo, akamletea kinyozi naye aulishe. Kila alipoanza kupoa, aliukoleza mwenyewe.

Saa ya ukutani ilikuwa karibu kufika sita.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Kama angerudi hivi, neno lile lilikuwa bado liko mdomoni, na safari hii lisingezuilika. Asiporudi, je? Mguu mmoja ulitaka kwenda, mwingine ulitaka kubaki. Kulikuwa na sauti ndani yake iliyosema mwache angoje, naye aonje. Sauti hiyo ilikuwa tamu. Lakini ilimkumbusha shati la kaka lililokuwa likining'inia mlangoni na "nakuja" yake, na jioni ile waliyorudi wakakuta pale zana zilipokuwa pana alama ya mstatili tu kwenye vumbi. Akatoka kwa kinyozi karibu anakimbia, na kitambaa bado kiko shingoni.

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, lakini hakuwa anashona. Alikuwa amegeukia mlango. Mbele yake, juu ya meza, mkasi wake ulikuwa umeviringishwa kwenye kitambaa na kufungwa fundo.

Kiberiti aliliona fundo lile, akakumbuka zana za kaka.

"Nimerudi kama nilivyosema," akasema, akihema. "Lakini bado, dada. Nikianza sasa nitaharibu. Nipe mpaka saa nane. Siendi popote, niko hapo uani na lile kochi kuukuu. Saa nane nakuja kuanza mimi."

Dada alimtazama usoni, shavu la kushoto, kisha la kulia, kisha kitambaa cha kinyozi.

"Naona umerudi nusu," akasema.

"Nusu nyingine iko njiani."

Mdomo wa dada ulitikisika kidogo. Haukufika kwenye kicheko. "Haya. Saa nane."

Uani Kiberiti alinawa uso, akanywa maji vikombe viwili, akakaa chini mbele ya kochi kuukuu lililokuwa linangoja kuvuliwa. Kuvua kochi ni kazi ya kung'oa misumari midogo iliyoshikilia kitambaa kwenye mbao, mmoja mmoja, bila kupasua mbao. Haina haraka na haina ujanja. Ukiwaza mambo mengine, unajichoma kidole.

Alijichoma mara ya kwanza alipofika kwenye "umeniuza". Akanyonya kidole, akarudi kwenye msumari. Alijichoma tena alipomkumbuka kinyozi na kufuli lake. Safari hii hakubishana na wazo. Aliliacha lipite, akatazama msumari: una kutu kichwani, umeingia kwa upande, utahitaji kuinuliwa kutoka chini. Aliutoa. Akautafuta mwingine. Mawazo yalirudi, tena na tena, nayo kila mara aliyakuta hayana chakula, yakazunguka kidogo na kuondoka. Bado hakuwa mtulivu. Alikuwa anainuka, anakwenda mlangoni, anarudi, anakaa, anainuka kunywa maji asiyo na kiu nayo. Ila meno yalikuwa yameachana bila yeye kujua ni saa ngapi.

Alipofika upande wa mgongo wa kochi, aligundua kitu kilichomshangaza. Hakuwa na ugomvi na shule. Wasichana kufundishwa kushona kuna ubaya gani? Kilichomuuma ni kulisikia jambo hilo kwa mteja. Na chini ya hicho kulikuwa na kingine, kidogo na cha aibu, ambacho asubuhi yote alikuwa amekifunika kwa kelele. Alikuwa anaogopa. Aligusa shingo yake kwa vidole viwili. Mshipa ulikuwapo, lakini ulipaswa kutafutwa.

Saa nane aliingia ndani, akavuta kiti, akakiweka pembeni mwa cha dada, si mbele yake. Hakujua kwa nini alifanya hivyo. Labda alichoka kuangaliana kama mabondia.

"Naanza mimi," akasema. "Asubuhi nilisema umeniuza. Halikuwa neno la kusema. Ukweli ni kwamba mwalimu aliponiambia niliumia, nikaona mimi ndiye mtu wa mwisho kujua. Halafu nikaogopa kwamba unaondoka kama kaka. Hilo ndilo."

Dada alikunja mikono mapajani. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nisikilize mpaka mwisho. Ukiona unawaka, inua mkono."

Akaeleza. Macho yake yalikuwa yanachoka, uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi hakuuona tena jioni. Shuleni ni asubuhi tu, mwanga mzuri, na kazi ni kuelekeza zaidi ya kushona. Na kuna jambo jingine: alitaka, kabla mikono haijazeeka, kuwaachia wengine anachokijua. Mchana wote angekuwa hapa. Kuhusu kumwambia, alijaribu. Alianza siku ile ya mvua, Kiberiti akawaka kuhusu paa. Akaanza tena siku nyingine, akawaka kuhusu sponji. "Nilikuwa nangoja siku ambayo hujawaka. Siku hiyo haikufika."

Kiberiti alihisi joto likipanda masikioni. Akainua mkono. Dada akanyamaza. Walikaa hivyo, cherehani katikati ya mwanga, mpaka mkono ukashuka wenyewe.

"Ngoja nione kama nimekusikia," akasema pole pole. "Macho yanachoka. Shule ni asubuhi, mchana uko hapa. Na hukunificha kwa ubaya, umeshindwa kupata mlango wa kunifikia."

"Na nataka kufundisha. Hilo umeliruka."

"Na unataka kufundisha."

"Ndiyo. Sasa umenisikia." Dada alishusha pumzi. "Na mimi nina langu. Hata kama unawaka, hukupaswa kusikia kwa mteja. Ningekushika shati nikuambie. Nilikosa. Na kumtaja kaka nilikosa zaidi."

Hawakumaliza kila kitu. Wateja wa asubuhi wanaotaka kuchagua kitambaa nani atawahudumia, hilo hawakulipatia jibu, na waliposikia sauti zinaanza kunyanyuka juu yake, dada akasema liwekwe mpaka Jumamosi baada ya chai. Walikubaliana tu kwamba atafundisha, na kwamba cherehani haiendi popote.

Kiberiti alisimama kurudi uani. Dada akamzuia.

"Asubuhi, kabla hujataja saa sita, ulifungua mdomo. Kulikuwa na neno."

Kiberiti alitazama sakafu. "Lilikuwapo."

"Lilikuwa la mume wangu."

Kukataa kungekuwa uongo, na kukubali kungekuwa kulisema.

"Usiniambie," dada akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini macho yalikuwa yamelowa. "Niliufunga mkasi kwa sababu nililiona linakuja. Nikasema, likitoka tu, natoka na mimi. Na ulipoondoka nikasema, asiporudi saa sita, ni hivyo hivyo. Nilikaa hapa nautazama mlango, sijui nikuombee urudi au usirudi."

Kiberiti akabaki anachezea ncha ya kitambaa cha kinyozi.

Dada alivuta fundo, akaufungua mkasi. "Kaa hapa. Huwezi kwenda kwa wateja hivyo, watadhani tumeanza kushona watu."

"Kwa huo?"

"Kaa kabla sijabadili mawazo."

Akakaa. Mkasi ambao haukuruhusiwa kugusa hata karatasi ulipita kwenye shavu lake la kulia, baridi, taratibu, ndevu zikaanguka juu ya meza ya kukatia. Ulipofika chini ya taya dada alisimama, akaweka kidole shingoni mwake, akasikiliza kwa kidole hicho kwa muda.

"Umetulia," akasema, na akaendelea kukata.